Picha ya kikaango haioneshi jiko

Katika makundi ya watsapu ya vikoba na ya majirani hapa Kigoma kumezuka desturi ambayo miaka michache iliyopita haikuwapo. Mtu akiwa dukani, au akiwa ametumiwa tangazo na muuzaji, anarusha picha ya kikaango kisichoshika chakula na kuuliza maswali mawili kwa pamoja: utando wake ni salama, na utadumu muda gani? Ndani ya dakika kumi majibu yanakuwa yameshafika, na karibu yote ni ya uhakika. Mmoja anasema weusi ule ni tefloni na tefloni ni saratani. Mwingine anasema hicho chenye madoadoa ni graniti, kwa hiyo hakina kemikali. Wa tatu anasema cheupe ndani ni seramiki, chukua ufumbe macho. Nadhani wote watatu wanajibu kitu ambacho picha haikuwaambia. Picha ya kikaango kipya haiwezi kuonesha utando umetengenezwa kwa nini, isipokuwa kwa kukisia, wala haiwezi kutaja umri wake. Jambo linaloamua usalama na umri kwa kiasi kikubwa zaidi, yaani ukali wa moto na unene wa chuma kilicho chini ya utando, halimo kabisa katika picha hiyo. Kwa mji unaopikia mkaa kama wetu, kasoro hiyo si ndogo.

Tuanze na vitu vyenyewe. Vikaango vingi visivyoshika vinavyouzwa madukani ni vya alumini, na juu ya alumini kumepakwa utando wa aina moja kati ya mbili. Aina ya kwanza na ya zamani ni plastiki iitwayo PTFE, iliyogunduliwa mwaka 1938 na mkemia Mmarekani Roy Plunkett, na ambayo wengi tunaijua kwa jina la biashara la tefloni. Aina ya pili huitwa seramiki, ingawa si udongo wa kufinyanga. Ni utando mgumu unaofanana na kioo, unaotokana na silika, yaani madini yale yale ya mchanga, ukiwa umechanganywa na viambato vinavyoyakimbiza mafuta na maji. Majina mengine unayoyasikia sokoni, kama graniti, marumaru, almasi na titani, kwa sehemu kubwa ni majina ya sura. Jiwe la graniti halipulizwi juu ya alumini likashika. Yale madoadoa meupe na ya kijivu ni rangi iliyorushwa juu ya utando, na utando huo unaweza kuwa PTFE au seramiki. Mara nyingi ni PTFE. Kwa hiyo mtu anayekimbia tefloni na kununua "graniti" anaweza kuwa amenunua tefloni yenye madoadoa, na hakuna kamera ya simu itakayomwambia tofauti.

Kuna hoja ya upande wa hofu ambayo inastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu ndani yake mna ukweli. Kwa miaka mingi viwanda vilitumia kemikali iitwayo PFOA katika kutengeneza PTFE. Kemikali hiyo haiozi, inakaa mwilini kwa miaka, na mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2019 iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, unaolenga kuondoa sumu zinazodumu katika mazingira. Haya si uzushi wa mitandaoni. Lakini kuruka kutoka hapo hadi kusema kwamba kila kikaango cheusi kinatia saratani ni kuchanganya kiwanda na jiko. PFOA ilikuwa msaidizi wa kiwandani. Utando unapookwa kwenye tanuri karibu nyuzi 400 ili ushikane na alumini, karibu yote huondoka, na walioumizwa zaidi ni wafanyakazi wa viwanda na watu waliokunywa maji yaliyochafuliwa na viwanda hivyo. PTFE yenyewe, ikiwa imetulia, ni kitu kizito kuingiliana na kingine chochote. Ukimeza kipande kilichobanduka kwenye yai, kinapita tumboni na kutoka kilivyoingia. Mwenye hoja ya mazingira, anayesema asinunue kabisa kitu kinachotokana na viwanda vya namna hiyo, ana hoja nzito nami siibishii. Hiyo ni sababu tofauti na kudai kwamba yai la leo asubuhi limetiwa sumu.

Upande wa pili una hoja yake, nayo kwangu ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa inauza. Muuzaji anapiga picha ya boksi lenye maandishi "PFOA FREE" na kusema hakuna kemikali. Maandishi hayo yanaweza kuwa ya kweli na bado yasikwambie lolote kuhusu swali uliloliuliza. Yanasema kwamba kemikali ile ya kiwandani haikutumika. Hayasemi kwamba utando si PTFE. Seramiki nayo, ambayo haikuwahi kuhitaji PFOA, inaweza kuandikwa maneno hayo hayo kwenye boksi lake. Maandishi yanayotenganisha aina mbili hizi ni "PTFE FREE" au "PFAS FREE", PFAS ikiwa ni familia ya kemikali zenye florini ambamo PTFE na PFOA zimo, na maandishi hayo mara nyingi yapo nyuma ya boksi au kwenye karatasi iliyowekwa ndani, si mbele ambako tangazo limepigwa picha. Ndiyo maana mtu akiniuliza kwa picha, jambo la kwanza ninaloomba ni picha nyingine: ubavu wa nyuma wa boksi, na sehemu ya chini ya kikaango. Hata hayo maandishi yana thamani ya mtu aliyeyachapa tu, lakini angalau yanajibu swali lenyewe.

Sasa tuje kwenye moto, ambako naona ndiko mjadala wetu wote ungepaswa kuanzia. PTFE ina mpaka wake. Watengenezaji wengi hushauri isivuke nyuzi 260. Ikifika 327 inayeyuka, na kadiri joto linavyozidi kupanda kuelekea 350 na kuendelea, inavunjikavunjika na kutoa gesi zisizo na rangi zinazoumiza mapafu. Ndege ndio wanaoathirika upesi zaidi, kwa jinsi mapafu yao yalivyo, na kasuku wamekufa katika nyumba ambamo kikaango kimesahauliwa motoni. Kwa binadamu hutokea homa inayoanza saa chache baada ya kuvuta gesi hiyo, pamoja na baridi kali, kifua kubana na mwili kuuma, kisha huisha yenyewe kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Wakazi wa Kigoma watanielewa hapa: homa na baridi ya jioni kwetu ina jina moja tu, nalo ni malaria. Mtu anaweza kuugua hivyo, akanywa dawa, akapona, na asiwaze hata kidogo kuhusu kikaango kilichokaa kikavu juu ya mkaa mchana. Kipimo cha malaria lazima kifanyike, sisemi vinginevyo. Ila kikionesha hakuna vimelea, na mpishi anakumbuka moshi mkali wa kikaango, amweleze daktari hilo pia.

Katika mapishi ya kawaida joto hilo halifikiwi. Chakula chenye maji hukaa karibu na nyuzi 100 mpaka maji yaishe, na kukaanga samaki kwa mafuta hufanyika kati ya 160 na 190. Hatari inaanza pale kikaango kinapokuwa kikavu. Jiko la gesi lina kitufe: unapunguza moto, na unapungua palepale. Mkaa ulioshika vizuri hauna kitufe. Ukifunga kidirisha cha jiko moto utapungua polepole, ukifunika makaa kwa majivu utapungua zaidi, lakini ile dakika uliyogeuka kumpokea mgeni haikusubiri. Kikaango chepesi kikavu juu ya moto mkali kinaweza kuvuka nyuzi 260 ndani ya dakika mbili hadi tano. Na sisi tuna mazoea yanayotupeleka huko huko. Wapo wanaoyachoma mawese mpaka wekundu wake upungue kabla ya kutia vitunguu, kazi inayodai joto la juu ya nyuzi 200, mafuta yakitoa moshi. Wapo wanaopika chapati na kukiacha kikaango kitupu motoni wakati wanasukuma nyingine. Kazi hizi mbili, kwa kikaango cha PTFE kilicho juu ya mkaa, zinaukaribia ule mpaka wa 260 zaidi kuliko kukaanga migebuka kwa mafuta ya kutosha.

Ndiyo sababu unene wa alumini una maana kubwa kuliko rangi ya utando. Nitaeleza kisa kimoja. Mwezi uliopita jirani yangu aliniandikia akiwa Soko la Mwanga: "Shikamoo mwalimu, naomba uniangalizie hii frampeni kama ni salama, na itakaa muda gani." Picha ilikuwa nzuri, imepigwa kutoka juu, kikaango cha kijivu chenye madoadoa meupe, mdomo sentimita 28. Boksi lilisema graniti na "PFOA FREE". Pembeni yake kulikuwa na kingine cha ukubwa ule ule, cheusi tu, bila jina la kuvutia, na bei yake ilikuwa juu kidogo. Katika picha, kile cha madoadoa ndicho kilichoonekana imara. Nilimwomba avipeleke vyote viwili kwa muuza dagaa aliye jirani na duka na kuviweka kwenye mizani.

Hesabu yake ni rahisi, na mtu yeyote anaweza kuirudia. Kikaango cha mdomo wa sentimita 28, chenye kitako cha sentimita 20 na kina cha sentimita 5, kina eneo la alumini la karibu sentimita za mraba 800, kitako na ubavu pamoja. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7. Kwa hiyo kila milimita moja ya unene inaongeza takriban gramu 215. Kile cha madoadoa kilikuwa na gramu 560. Ukiondoa kama gramu 150 za mpini, zinabaki 410, yaani unene wa chini kidogo ya milimita mbili. Kile cheusi kilikuwa na gramu 980. Ukiondoa mpini zinabaki 830, na hiyo ni karibu milimita nne. Makadirio haya si ya maabara, kwa sababu mpini wa kimoja unaweza kuwa mzito kuliko wa kingine na kitako kinaweza kuwa kinene kuliko ubavu, lakini tofauti ya mara mbili haifichwi na mpini. Na ukitazama tena picha ya awali, hakuna mstari, kivuli wala rangi iliyokuwa inaashiria jambo hilo. Ukingo wa mdomo ulikuwa umekunjwa, na mkunjo huo huifanya bati nyembamba ionekane nene.

Alumini nyembamba inauaje utando? Juu ya mkaa, kaa moja lililoinuka linachoma sehemu moja ya kitako, na milimita mbili hazitoshi kusambaza joto hilo pembeni kabla mahali hapo hapajaungua. Baada ya wiki kadhaa kitako kinapinda na kupanda juu katikati. Mafuta yanatiririkia kandokando, katikati panabaki pakavu, na sasa mahali penye joto kali kuliko pote ndipo pasipo na mafuta. Hapo utando unakufa kwanza, uwe PTFE au seramiki. Mpishi akikiona kikaango kinafuka na kukitia maji ya baridi kingali moto, alumini inanywea ghafla na utando unapata nyufa. Kikaango kinene kinapata joto polepole, kinalisambaza, na hakipindi upesi. Hakiwezi kuishi milele, lakini kinampa mpishi nafasi ya kukosea.

Sasa seramiki. Wanaoitetea wana hoja moja ambayo kwa jiko la mkaa ni ya nguvu kweli: haina florini kama iliyomo katika PTFE, kwa hiyo ikizidiwa na moto haitoi zile gesi. Kwa mtu anayejua kwamba nyumbani kwake kikaango husahauliwa motoni, hoja hiyo peke yake inaweza kutosha. Lakini wanaposema pia kwamba inadumu zaidi kwa sababu ni ngumu kama kioo, hapo wanakosea. Ugumu wa utando na uwezo wake wa kutoshika chakula ni vitu viwili. Viambato vinavyoyakimbiza mafuta huungua na kuisha kwa joto, na mara nyingi seramiki huanza kushika chakula mapema kuliko PTFE iliyotunzwa. Kwa matumizi ya kila siku, mwaka mmoja hadi mitatu ni umri wa kawaida kwa seramiki, na mitatu hadi mitano kwa PTFE inayopikiwa moto wa wastani, na vyote viwili hupungua juu ya mkaa mkali. Utando wenyewe una unene wa mikroni 20 hadi 40 hivi, mwembamba kuliko unywele. Umepakwa tabaka moja au tatu, na alumini ilikwaruzwa vizuri au vibaya kabla ya kupakwa: hayo ndiyo yanayoamua umri, na hayo ndiyo yaliyofichika. Anayekwambia kwa picha kwamba kikaango kipya kitadumu miaka mitano anakisia.

Lazima niwe wa haki kwa picha katika jambo moja. Kikaango kilichokwisha kutumika ni habari nyingine kabisa, kwa sababu matumizi huacha alama na alama hupigika. Ipige karibu na dirisha, mwanga ukija kwa ubavu, usitumie taa ya simu. PTFE iliyochoka hubanduka: utaona ukingo laini ulioinuka kama ngozi ya kidonda kinachopona, vilengelenge, na alumini inayong'aa chini yake. Seramiki iliyochoka kwa kawaida haibanduki hivyo. Hubaki mahali pake ikiwa imefifia, ikapata madoa ya kahawia katikati na pengine vijiufa, na mayai yakaanza kugandia. Mistari iliyonyooka ni kijiko cha chuma. Mikwaruzo ya duara ni stili waya au mchanga. Doa katikati pekee ni kitako kilichopinda. Utando wa kahawia unaonata kando ya ubavu mara nyingi si uharibifu bali ni mafuta yaliyoungua, na huweza kutoka kwa kuchemsha maji yenye sabuni kidogo na kusugua kwa dodoki. Kutokana na picha ya namna hii mtu anaweza kusema kikaango kimefikia wapi, na hata kutambua kwa kiasi fulani aina ya utando, jambo ambalo picha ya dukani haikuruhusu.

PTFE iliyobanduka sehemu kubwa nashauri iondolewe kazini. Vipande vinavyoingia kwenye chakula havitudhuru, lakini utando uliokwisha kuachia hauwezi tena kufanya kazi yake, na mpishi hulazimika kuongeza moto na kukwangua, ambako kunaharakisha yote niliyoyaeleza. Seramiki iliyochoka inaweza kuendelea kutumika kwa mchuzi na mboga, mradi mwenye nayo asitegemee tena yai liteleze.

Yote haya yanabadilisha namna ya kujibu katika makundi yetu. Anayeulizwa kwa picha moja ya kikaango kipya aulize kwanza kinaenda kwenye jiko gani na kupika nini, kisha aombe nyuma ya boksi na uzito. Kama ni mkaa na kazi ni chapati au kuchoma mawese, hata seramiki sio jibu zuri, kwa sababu itaisha upesi. Kazi hiyo ni ya kikaango cha chuma kizito kisichopakwa chochote. Kama ni mayai na mboga kwa moto mdogo, kikaango kinene cha PTFE kitafaa, na kina alama ya hatari ambayo kila mpishi anayo jikoni. Tia mafuta kabla ya kukipandisha motoni, usisubiri kipate moto. Mafuta mengi ya kupikia huanza kufuka mahali fulani kati ya nyuzi 200 na 230, na mawese yasiyosafishwa huwahi zaidi, yaani kabla ya ule mpaka wa 260. Moshi ukionekana, kikaango kinashuka chini papo hapo, hata kama kitunguu hakijaiva. Kikaango kikavu hakina alama hiyo, ndiyo maana kisiachwe kikavu.

Jirani yangu alikinunua kile cheusi cha gramu 980. Kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, ambayo muuzaji aliitoa baada ya kuombwa mara ya pili, paliandikwa wazi kwamba ni PTFE na kwamba kisizidi nyuzi 250. Anakitumia kwa mayai na mchicha, jiko likiwa limefunikwa majivu nusu. Chapati anaendelea kuzipika kwenye chuma cha mama yake.